Bibi wa Pemba Hakosei Ngeli

Tamthilia za kila siku zimejaa kwenye televisheni za Dar es Salaam na Nairobi, na zile za Kituruki zinatiwa sauti za Kiswahili hadi watazamaji wamezoea kumsikia mwanamke wa Istanbul akigomba kwa sauti ya mtu wa Kinondoni. Pamoja na wingi huo limekuja lalamiko moja lisilokoma: hawa watu hawaongei kama sisi. Watayarishaji wamelisikia, na agizo wanalompa mwandishi ni lilelile kila mahali. Vijana waongezewe misimu ya mtaani, watu wa bara waongezewe lafudhi, wazee waongezewe methali. Lalamiko naliona la haki kabisa. Dawa ndiyo imekosewa.

Mazungumzo ya mhusika yanakuwa ya bandia pale mwandishi anapokuwa hajaamua mambo mawili kabla ya kuandika: huyu anamwita yule nani, na Kiswahili kilimfikia kwa njia gani, yaani alizaliwa nacho, alikikuta shuleni, au alikiokota kazini. Mwandishi aliyeyajua hayo mawili hahitaji kutafuta maneno ya umri, mkoa na elimu, kwa sababu yatatoka yenyewe mhusika anapoomba maji. Asiyeyajua atapachika misimu juu ya sentensi ambazo mtu mmoja tu angeweza kuzisema, naye ni mwandishi mwenyewe.

Ugomvi wenyewe ni wa zamani. Kiswahili sanifu tunachoandikia kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikapewa kazi ya kusimamia tahajia na vitabu vya shule. Kazi ile ilihusu maandishi. Hakuna aliyepatana na mwenzake kwamba mvuvi wa Lamu, karani wa Morogoro na kondakta wa Nairobi watasema sentensi ileile wanapokosa chenji. Hata hivyo wapo wahariri, hasa waliolelewa na vitabu vya kiada, wanaoshikilia kwamba kila mhusika aseme sanifu. Hoja yao si ya kubezwa. Kazi iliyoandikwa kwa sanifu inaeleweka Kigoma na Kisumu bila kuhitaji maelezo chini ya skrini, na kwa mtayarishaji anayetaka kuuza nchi mbili au tatu hilo ni suala la fedha. Upande wa pili wapo wanaosema tamthilia ni kioo cha mtaa, kwa hiyo mtaa uingie na maneno yake yote. Nao wana haki yao: mtazamaji wa miaka 18 akimsikia mwenzake wa kwenye skrini anasema "tafadhali rafiki yangu, naomba tuonane jioni", anazima.

Kila upande una sehemu ya ukweli, na nitarudi kwenye jinsi ya kuzipatanisha. Ila ipo hoja ya tatu, inayotumiwa na pande zote mbili bila kutamkwa, na hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema kadiri mtu anavyosoma ndivyo Kiswahili chake kinavyonyooka, na asiyesoma huongea Kiswahili kilichovunjika. Kwa imani hiyo, mpishi na mlinzi wanachanganya "r" na "l", bibi wa kijijini anakosea ngeli, na daktari anaongea kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

Tazama jinsi elimu zetu zilivyokwenda kweli. Tanzania Bara iliamua mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba shule ya msingi ifundishwe yote kwa Kiswahili, huku sekondari ikibaki na Kiingereza. Matokeo yake, mtu aliyeishia darasa la saba alisoma kila alichosoma kwa Kiswahili. Hesabu zake ni "kuzidisha" na "kugawanya", mwili wake una "mmeng'enyo wa chakula". Aliyeendelea hadi chuo kikuu ndiye anayekwama katikati ya sentensi akitafuta neno, kwa sababu fani yake ameijua kwa lugha nyingine. Kenya mambo yalikwenda kwa mkondo wake. Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985. Mzee aliyezaliwa Murang'a mwaka 1960 alimaliza shule ya msingi bila mtihani huo, akajifunza Kiswahili sokoni na kazini. Mjukuu wake ameandika insha za Kiswahili tangu utotoni, amekariri methali za kufungulia na kufungia aya, na anajua tofauti ya "ambaye" na "ambacho" hata kama hazitumii akiwa na wenzake. Mwandishi anayempa mzee huyu methali tano na kumnyima mjukuu hata moja ameipindua nchi juu chini. Na nje ya shule kabisa yuko mtu wa Pwani ambaye hajawahi kushika chaki lakini Kiswahili ni lugha ya mama yake na ya bibi wa mama yake. Huyo hakosei ngeli. Wanaokosea ni wajukuu zake waliopelekwa shule za mchepuo wa Kiingereza.

Tuchukue onyesho moja tulifanyie kazi. Bi Asha ana miaka zaidi ya 70, ametoka Wete, Pemba. Alisoma chuo cha Kurani, si zaidi. Amekuja Dar es Salaam kwa mwanawe Salim, wakili wa miaka 45. Ndani ya nyumba yumo Mbuke, dada wa kazi wa miaka 19 kutoka Kahama, aliyemaliza darasa la saba, na Yusra, binti wa Salim, wa miaka 16. Bibi anataka kuuza shamba la mikarafuu, na sababu anaificha. Muswada wa aina tunayoizoea ungekwenda hivi:

BIBI: Mwanangu Salim, mimi nataka kuuza shamba langu ili nipate pesa za matibabu.
SALIM: Hapana, mama. Usiuze shamba hilo. Huo ni urithi wetu.
MBUKE: Bibi, chakula kiko tayali.
YUSRA: Mambo vipi, bibi! Kumbe una shamba? Noma sana!

Sarufi iko salama, na kila mtu ametiwa alama ya kumtambulisha. Bado hakuna mtu humo. Bi Asha ameanza na haja yake na kuitaja kwa jina, jambo ambalo mama wa umri wake kwa jambo zito kama hili angelizungukia kwanza. Salim amemkataza mama yake kwa "hapana" na "usiuze", kauli mbili ambazo angemwambia mteja mkaidi. Mbuke hana kazi nyingine zaidi ya kuchekesha kwa "tayali". Yusra ametumia salamu ya rika kwa bibi yake, na amepewa "noma", neno la vijana wa enzi za wazazi wake. Sasa tuandike tena tukiwa tumejua kila mmoja anamwita nani na lugha aliipata wapi.

SALIM (kwenye simu): Kimsingi, mheshimiwa, suala lako tunalifanyia kazi. Ndiyo. Ndiyo, mheshimiwa. (Anakata.) Mama, umeamkaje?
BIBI: N'meamka salama. Salim, ile mikarafuu ya babaako mwaka huu kaichuma nani?
SALIM: Kaichuma Khamis, mama. Si nilikwambia?
BIBI: Uliniambia. Na Khamis naye keshazeeka, hapandi tena. (Kimya.) Kuna mtu kanijia. Alitaka shamba.
SALIM: Mtu gani huyo, mama?
BIBI: Mtu tu.
SALIM: Basi si tungengoja msimu huu uishe? Au ni hospitali, mama?
BIBI: Nani kakwambia habari za hospitali?
MBUKE (anaingia): Shikamoo, bibi. Nikuwekee chai hapa, au utakuja mezani?
BIBI: Marahaba, mwanangu. Niwekee hapa hapa.
MBUKE: Baba Yusra, nilikuwa sijui kama bibi anakunywaga mapema.
YUSRA: Bibi, kwani hiyo shamba iko wapi?
BIBI: Liko kwenu, mke mwenzangu.

Angalia Salim kwanza, maana ndani yake mna Viswahili viwili. Kwenye simu anatumia cha ofisini: "kimsingi", "suala", "tunalifanyia kazi", maneno yanayomruhusu mtu kuongea dakika nzima bila kuahidi kitu. Akimgeukia mama yake anaacha hayo yote na kusema "kaichuma", kitenzi cha nyumbani kwao, ambacho sanifu kingekuwa "ameichuma". Elimu yake inaonekana hapo, kwenye kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa sekunde moja, uwezo ambao mama yake hana na hauhitaji. Kukataa kwake nako kumo, ila kumepita kwenye "si tungengoja", kauli inayomweka yeye na mama upande mmoja wa jambo. Mtazamaji wa Dar, Tanga au Unguja anasikia "hapana" kubwa kabisa mle ndani. Salim ana miaka 45 na ofisi yake mwenyewe, lakini bado hajapata haki ya kuitamka.

Mbuke hakupewa "r" na "l". Amepewa "anakunywaga", na hiyo mara moja tu. Kiambishi hiki cha "-ga", kinachoonyesha jambo la mazoea, kimeingia kutoka lugha kama Kisukuma na Kikuyu ambako kina kazi yake halali, na ndiyo maana unakisikia Mwanza na unakisikia Nairobi. Kiswahili cha Kongo kina ndugu yake: huko mtu "anasemaka". Sanifu ingesema "bibi hunywa mapema". Mwandishi anayekipachika kwenye kila kitenzi anamfanya msichana kuwa kichekesho, na anakosea hata kwa kipimo cha uhalisia, kwa kuwa siku hizi mawakili wa Dar nao wanaandikianaga hivyo kwenye simu. Kinachomtambulisha Mbuke zaidi ni miito. Anamwita bosi wake "baba Yusra", anasalimia kabla ya kusema lililomleta, na jambo la mazoea ya bibi analielekeza kwa mwenye nyumba huku bibi akiwa amekaa palepale, kwa sababu hajajua bado kama ana ruhusa ya kumuuliza mgeni mazoea yake.

Yusra ndiye msomi wa kesho wa familia, na ndiye pekee aliyekosea ngeli. "Hiyo shamba iko wapi" ni sentensi ya mtoto anayefikiri kwa lugha ya darasani na kuongea Kiswahili kwa bibi na kwa dada wa kazi. Bibi hamrekebishi. Anamjibu "liko", basi. Halafu anamwita "mke mwenzangu", kwa sababu bibi na mjukuu ni watani, na utani huo unampa binti wa miaka 16 uhuru ambao baba yake hana. Yusra ndiye angeweza kumuuliza bibi waziwazi, "Bibi, unaumwa?", na akajibiwa. Waandishi wetu wanachukulia umri kuwa ngazi moja: kadiri mtu anavyokuzidi miaka ndivyo unavyozidi kuinama. Kwa watu wa Pwani, na kwa makabila mengi ya bara pia, kizazi kilicho juu yako moja kwa moja ndicho chenye mpaka mkali; ukikiruka kimoja mpaka unalegea. Onyesho zima linaweza kugeukia hapo, na hakuna msimu hata mmoja uliohitajika.

Kabla ya kuandika neno la kwanza, basi, ninachotaka kuona mezani ni karatasi ya miito. Kwa kila jozi ya wahusika andika huyu anamwitaje yule mbele ya watu, na anamwitaje wakiwa peke yao. Familia ya watu watano itakupa jozi kumi, kila moja na pande mbili, na kwenye kuzijaza utakuta maswali ya hadithi yenyewe. Mke wa Salim anamwita Bi Asha "mama" au "mama mkwe"? Mbuke anamwita mke huyo "mama Yusra", "dada" au "anti"? Kila jibu ni ndoa ya aina yake na nyumba ya aina yake. Pengo lililobaki wazi kwenye karatasi hiyo litaonekana kwenye muswada kama mistari ambayo watu wanaongea bila kuitana kabisa. Huo ndio ugonjwa wa kwanza ninaoutafuta ninaposoma kazi ya mtu, kwa kuwa Mswahili hawezi kumaliza dakika mbili na mtu anayemjua bila kumwita kitu.

Upande wa mikoa, swali linaloachwa ni gumu zaidi: kwa nini watu hawa wanaongea Kiswahili hapa? Mama wa Murang'a na mwanawe aliyehamia Nairobi wakiwa peke yao jikoni wanaongea Kikuyu. Kiswahili chao kinaanza kwa kondakta, kwa mlinzi, kwa mpangaji. Kama tamthilia ni ya Kiswahili, basi Kiswahili cha jikoni kinasimama badala ya Kikuyu, na hapo mama lazima aongee kwa ufasaha wote, kwa utani na mafumbo, kwani hakuna anayebabaika katika lugha yake. Dakika tano baadaye akiwa getini na mlinzi kutoka Kakamega, yeye yuleyule anakuwa na sentensi fupi, "kuja hapa", "hiyo kiti weka ndani", na mlinzi naye vivyo hivyo. Mwandishi anayempa lafudhi nzito jikoni amemfanya mgeni ndani ya nyumba yake. Na kuomba kitu kunataja mji haraka kuliko msimu wowote: wa Dar husema "naomba maji", wa Nairobi husema "nisaidie na maji" au "si unipatie maji". Ukimpeleka wa Nairobi kwenye mgahawa wa Dar akaagiza "si unipatie chai", mhudumu atamwona jeuri, na yeye hatajua amekosea wapi. Ndani ya hilo mna kipindi kizima.

Hapa ndipo pande mbili za mwanzo zinapoweza kukaa meza moja. Hofu ya kutoeleweka nje ya mipaka ni ya kweli kwa nomino, na si kubwa kwa vitenzi na miito. Mtazamaji wa Eldoret hajawahi kusema "kaichuma nani" maishani mwake, lakini ataelewa. "Keshazeeka" ataelewa, na "anakunywaga" anaitumia mwenyewe. Kinachomkwamisha ni majina ya vitu na ya fedha. Ukiomba "mbao" Nairobi unapewa shilingi 20. Ukiomba Dar utaulizwa za mninga au za msonobari. "Buku" ni shilingi 1,000 Dar es Salaam, na Nairobi ni kitabu. Tena maneno ya namna hiyo ndiyo yanayochuja haraka, kwa hiyo yanakupunguzia watazamaji leo na yataizeesha kazi yako kesho. Anayetaka kuuza nchi tatu na kubaki mkweli aweke tofauti za wahusika kwenye sarufi, miito na namna ya kuomba, na nomino aziache za kawaida. Agizo wanalopewa waandishi sasa ni kinyume chake hasa: vitenzi sanifu kwa kila mtu, na msimu mmoja umetiwa kila baada ya sentensi mbili.

Kwenye kutia sauti tamthilia za Kituruki tatizo linachukua sura nyingine. Waturuki nao huitana kwa udugu: "abi" kwa kaka mkubwa hata asiye wa tumbo moja, "abla" kwa dada mkubwa. Kiswahili kina vyombo vya kuyapokea hayo yote. Lakini maandiko yakipita kwanza kwenye Kiingereza, miito hiyo hugeuka majina matupu, na mfasiri anayepokea majina matupu hutoa majina matupu, hadi kijana anamwita mzee wa mtaa jina lake kavu na mtazamaji wa Tandika anashtuka kidogo bila kujua kwa nini. Kuirudisha hakuongezi muda mwingi mdomoni, maana "kaka" ina silabi mbili kama "abi". Kunahitaji mtu mmoja aliyetazama picha na kuuliza nani ni mkubwa wa nani kabla waigizaji hawajaingia studio.

Kwa kazi zetu wenyewe kikwazo cha mwisho ni kalamu ya mhariri. Muswada wa Bi Asha ukipita kwa mtu aliyezoea vitabu vya kiada, "kaichuma" itarudi "ameichuma", "n'meamka" itarudi "nimeamka", na "hiyo shamba" ya Yusra itarekebishwa kuwa "hilo shamba liko wapi", na jibu la bibi litabaki bila kazi. Mhariri atakuwa ametimiza wajibu wake kama alivyoelekezwa. Mwandishi aandike ukurasa wa kwanza wa muswada sentensi chache zinazosema nani anaruhusiwa kukosea nini na kwa nini, na mwigizaji aambiwe vilevile: aliyezaliwa Tanga akicheza Mpemba ana uhuru wa kubadili kitenzi kimkae mdomoni, ila miito haibadilishi hata mmoja bila kumuuliza mwandishi.